Yaya, lustri hii itashikwa na nini?

Mdogo wangu mmoja wa Walikale ameniandikia hivi: "Yaya, salamu. Mume wangu ameleta lustri kutoka Goma. Imefika katika katoni mbili, na hakuna kioo kilichovunjika. Salon yetu ina dale ya beto. Fundi anasema atatoboa matundu manne, apige sheviye, saa sita awe amemaliza. Nimwache afanye?"

Usimwache, mama. Si kwa sababu fundi wako ni mbaya. Huenda amepaka na kujenga nusu ya mtaa wenu. Lakini nyumba nyingi za kwetu, Masisi na Walikale, ni za mbao na mabati, na taa yake ni ampuli moja kwenye waya. Fundi anayejenga hizo hana sababu ya kujua kitu kizito kinashikwaje chini ya beto. Wewe sasa unaweka chuma na vioo juu ya kiti ambacho mama mkwe wako atakaa. Hapo inabidi twende polepole.

Nilimuuliza kwanza uzito. Hakuujua, na muuzaji hakuuandika popote. Nikamwambia aifunge lustri kwenye shuka imara, aipeleke kwa mfanyabiashara wa maharage mwenye mizani, na apime kila kitu pamoja: matawi, vioo vyote, ampuli, mnyororo, na kile kikombe cha chuma kinachofunika tundu la dale. Watu hupima mwili wa lustri peke yake wakasahau vioo, na mara nyingi vioo ndivyo vizito. Ilitoka kilo 24. Tangu sasa tunazungumza juu ya kilo 24, hatukisii tena.

Sasa hizo sheviye. Ndani ya katoni kuna kifuko kidogo cha nailoni chenye skrubu mbili au nne na vizibo vya plastiki vya rangi. Wengi huona kifuko kile wakadhani mtengenezaji amekwisha kuamua. Kifuko hicho hutupwa katika kila katoni, ya taa ndogo na ya taa kubwa. Kizibo cha plastiki ukutani hufanya kazi vizuri, maana picha au rafu huvuta skrubu kwenda chini, yaani inaibana pembeni mwa tundu. Chini ya dale mambo hugeuka: uzito unavuta skrubu itoke moja kwa moja kwa njia ileile iliyoingilia, usiku na mchana, mwaka mzima, bila kupumzika. Plastiki ikivutwa hivyo hulegea taratibu. Haitakatika siku ya kwanza, na hicho ndicho kinachodanganya. Fundi ataivuta kwa mkono, itashika, atalipwa, ataondoka.

Kuna jambo lililotokea mbali na kwetu ambalo kila anayening'iniza kitu anapaswa kulijua. Tarehe 10 Julai 2006, mjini Boston, Marekani, vipande vizito vya beto vilivyokuwa dari ya handaki la magari vilianguka juu ya gari lililokuwa likipita, na mwanamke aliyekuwa ndani akafa. Vipande vile vilishikwa na fimbo za chuma zilizogandishwa kwa gundi ndani ya matundu. Wachunguzi walikuta kwamba chuma hakikuwa na kosa. Gundi iliyotumika ilikuwa ya aina inayokauka haraka, ambayo ikibeba mzigo wa kudumu hunyooka kidogo kidogo mpaka fimbo zikachomoka. Hao walikuwa wahandisi wenye vifaa vyote. Basi na sisi tunapochagua kishikizo, swali ni kama kitabeba mzigo usioshuka kamwe, miaka kumi na zaidi.

Kwa hiyo tuchague. Lakini kabla ya kuchagua, ujue dale yako ni ya aina gani, maana zipo mbili. Ipo dale iliyomwagwa yote beto tupu, na ipo ile ya hurdi, ambayo ina matofali yenye mashimo ndani, yamepangwa kati ya mbavu za beto, kisha beto nyembamba ikamwagwa juu. Kutoka chini, zote zikisha kupigwa plasta, zinafanana. Muulize aliyejenga. Kama hayupo, gonga kwa nyundo ndogo ukitembea kutoka ukuta hadi ukuta: hurdi hubadilisha sauti, hapa nzito, hatua moja mbele tupu, kisha nzito tena. Na mashine ikitoboa, katika hurdi itasukumana kidogo halafu itazama ghafla. Ikizama hivyo, simama. Bolti ya kutanuka ndani ya tofali tupu haina kitu cha kukumbatia.

Mdogo wangu ana dale tupu, nene sentimita 15, na juu yake hakuna chumba, ni mvua ya Walikale tu. Hilo la mvua limenisaidia kuamua. Njia iliyo imara kuliko zote, kama nyumba yako ina ghorofa, ni kutoboa dale moja kwa moja mpaka juu, kupitisha fimbo yenye nyuzi za skrubu, na kule juu kuweka bamba la chuma na nati mbili kabla sakafu haijawekwa vigae. Hapo uzito umekalia mgongo wa dale, na hata hurdi inakubali mradi bamba liwe pana lilale juu ya mbavu. Lakini kwenye dale ambayo ndiyo paa lenyewe, tundu lile ni mlango wa maji. Maji yatafuata fimbo, yataingia kwenye kikombe cha lustri, ambamo ndimo waya zinaunganishwa. Sipendi kabisa.

(Wewe ambaye bado hujamwaga dale, una bahati kuliko sisi wote. Chukua chuma laini kisicho na nundu, cha milimita 10, ukikunje kiwe pete iliyofungwa yenye miguu miwili, na miguu hiyo ipande juu ya vyuma vya dale na kukunjwa huko. Mwambie mwashi apime katikati ya salon kwanza, kwa kamba, sio kwa macho. Chuma chenye nundu usikitumie kwa kazi hii, kwa kuwa kikikunjwa kwa pembe kali huweza kupasuka ndani.)

Kwa mdogo wangu nimechagua bolti ya chuma ya kutanuka, ya milimita 10, yaani ile ambayo ukikaza nati mkia wake unafungua ganda na kubana beto pande zote. Goma zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na achague zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu unyevu wa msitu hauna huruma. Bolti kama hiyo ikikaa vizuri katika beto nzuri inabeba mara nyingi zaidi ya kilo 24. Kwa hiyo usiogope chuma. Ogopa tundu, na ogopa beto yenyewe.

Sehemu ya chini ya dale, hasa katikati ya chumba, ndiyo inayovutwa. Dale hujipinda kidogo sana kwa uzito wake, upande wa juu ukibanwa na wa chini ukinyooshwa, na beto haipendi kunyooshwa, hivyo hupata nyufa nyembamba kama unywele. Na katikati ndipo kila mtu anapotaka lustri! Bolti ya bei rahisi ikikutana na ufa inalegea, maana tundu limepanuka bila wewe kujua. Ndiyo maana kwenye mkebe utafute maneno yanayosema kwamba inafaa kwa beto yenye nyufa. Zile zinazofaa zinaendelea kujikaza zenyewe bolti inapovutwa. Bei yake ni ya juu, lakini wewe unanunua mbili tu.

Na kwetu kuna jambo ambalo kitabu cha Ulaya hakilitilii uzito. Ardhi inacheza. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku nyingi, nyumba za Goma zikapasuka kuta, na huku Sake watu wakalala nje. Lustri yenye mnyororo mrefu hubembea, na kila mbembeo huvuta bolti upande huu na ule. Kwa ajili hiyo nataka mambo mawili. La kwanza, pete iwe imefungwa kabisa, isiwe ndoano ya wazi ambayo mnyororo unaweza kuruka ukatoka. La pili, bolti ya pili, mbali na ya kwanza angalau sentimita 20, yenye waya wa chuma uliosukwa unaoshika mwili wa lustri wenyewe, sio mnyororo. Waya huo haubebi kitu siku za kawaida. Uache ulegee kidogo sana tu, kwa sababu ukilegea sana lustri itakuwa imeshapata mwendo kabla haijadakwa.

Basi twende kwenye tundu lenyewe. Pima plasta kwanza. Plasta ya sentimita mbili haihesabiwi, haishiki chochote. Ikiwa mkebe unasema bolti iingie sentimita 6 ndani ya beto, wewe unatoboa 6 za beto, 2 za plasta, na 1 ya vumbi litakalobaki, jumla 9. Fundi afunge utepe kwenye ncha ya kutobolea kwenye alama ya 9 asije akapitiliza. Ncha iwe ya milimita zilezile zilizoandikwa kwenye mkebe, maana bolti nyingine za 10 huomba tundu la 10 na nyingine huomba kubwa zaidi. Avae miwani, vumbi linaanguka usoni.

Wakati anatoboa, wewe simama uangalie vumbi. Beto nzuri hutoa vumbi jepesi la kijivu, na mashine huenda polepole kwa nguvu ileile. Ikienda haraka kama inatoboa udongo, na kinachoanguka ni mchanga mwekundu-mwekundu, beto yako ina simenti kidogo. Hapo bolti ya kutanuka itaivunja badala ya kuibana. Ikigonga kitu ikalia kwa sauti kali na isisonge, na vumbi likang'aa vipande vya chuma, umefika kwenye chuma cha dale. Usimruhusu akikate. Asogee, na umbali kati ya tundu lililokufa na jipya uwe angalau mara mbili ya kina cha lile la kwanza, na lile la kwanza alizibe kwa simenti.

Halafu kazi ambayo mafundi huiruka: kusafisha tundu. Vumbi likibaki ukutani mwa tundu, ganda linabana vumbi. Pampu ya baiskeli yenye mpira mdogo inatosha: puliza, pitisha brashi nyembamba, puliza tena mpaka kisitoke kitu. Kisha bolti igongwe ndani na nati ikazwe. Hapa kuna dalili ambayo mtu asiye fundi pia anaiona. Bolti iliyoshika huwa ngumu baada ya mizunguko michache, na spana inakataa. Bolti isiyoshika inazunguka, inazunguka, na kila mzunguko inachomoza kidogo zaidi kutoka darini. Fundi atakwambia itakaza baadaye. Haitakaza. Itoe, tafuta sehemu nyingine.

Mwisho wa kazi hii ni jaribio, na hili ndilo ninaloliomba kuliko yote niliyoandika. Kanuni ya kimataifa ya taa za kuning'inia inataka kishikizo kibebe mara nne ya uzito wa taa kwa saa nzima. Mara nne ya 24 ni 96. Mfuko wa simenti ni kilo 50, kwa hiyo mifuko miwili inakupa 100. Shusha mnyororo imara kutoka kwenye pete, uning'inize ubao karibu kabisa na sakafu, kiganja kimoja juu yake, ili hata ikishindikana mzigo uanguke kiganja kimoja tu. Chora mstari wa penseli kwenye uzi wa bolti pale unapotokea kwenye dale. Weka mfuko wa kwanza, ngoja, weka wa pili, ondoeni watoto, toka chumbani. Baada ya saa moja rudi uangalie mstari. Ukiwa umeshuka hata kidogo, au ukiona duara la nyufa kuzunguka tundu, au vumbi jipya sakafuni, bolti hiyo imekataa. Mdogo wangu aliniambia ya kwake ya kwanza ilishuka kama unene wa sarafu. Waliitoa, wakakuta sehemu ya ganda imekaa ndani ya plasta, kwa kuwa fundi alitoboa sentimita 7 badala ya 9. Ya pili, hatua mbili kando, haikusogea, na ile ya waya wa usalama wakaijaribu vilevile.

Dale zenye hatari ziko pia, na lazima niziseme kwa ajili ya waliokimbia vita wakarudi. Wengi waliotoka Walikale Machi 2025 walikuta nyumba zao zimekaa bila mwenyewe, paa likivuja. Ukiona chini ya dale mistari ya rangi ya kutu, au plasta imebanduka na chuma kinaonekana, au ufa unaopitisha ncha ya kalamu, hapo usining'inize kitu chochote. Dale ambayo kombora limeipiga au imetikiswa karibu, ionwe na injinia wa ujenzi kwanza. Hata lustri ya kilo tano ingoje.

Sasa umeme. Mwashi anaweza kuning'iniza. Kuunganisha ni kazi nyingine, na kwa nyumba ya mdogo wangu nimemwambia amwite fundi wa umeme bila kubishana. Nitaeleza kwa nini.

Yeye ana vyanzo viwili: batri za jua zenye enverta, na jenereta ya petroli kwa siku za mawingu. Si nyumba yake peke yake iliyo hivyo Masisi na Walikale. Kwenye mtandao wa Goma, waya mmoja ndio wenye umeme na mwingine umefungwa ardhini, kwa hiyo swichi ikikata ule wenye umeme, taa imekufa. Lakini enverta ndogo na jenereta ndogo mara nyingi hazina waya uliofungwa ardhini. Swichi hukata mmoja, na ule wa pili bado umeunganishwa na mashine. Fundi anayeamini swichi ya ukutani, au ile bisibisi yenye taa ndogo, anaweza kupanda ngazi akiwa na uhakika wa uongo. Kabla mtu hajagusa waya zile, enverta izimwe na itolewe kwenye batri, na jenereta izimwe na funguo zake ziwe mfukoni mwa aliye kwenye ngazi, maana ndugu atarudi nyumbani akute giza, ataiwasha.

Jambo la pili ni mwili wa lustri. Ni chuma kitupu, na siku moja utaifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Waya mmoja ukichubuka ndani ya tawi, matawi yote yanashika umeme. Ndiyo sababu kuna waya wa njano na kijani, ambao lazima ufike ardhini kweli. Wengi huukata na kuukunja ndani ya kikombe kwa sababu nyumba haina pa kuufunga. Kutengeneza ardhi nzuri, na kuifanya ile mashine inayokata umeme mtu anaposhikwa ifanye kazi pamoja na enverta, kunahitaji mtu mwenye kipimo. Huko Sake ambako ardhi ni mawe ya volkano, chuma kimoja kilichopigwa chini mara nyingi hakitoshi, na huwezi kujua bila kupima.

La tatu ni hesabu, na hii unaweza kuifanya mwenyewe mezani. Lustri yake ina ampuli 18. Akiweka zile za zamani za wati 40, ni wati 720. Batri yake moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1200, na ili isife mapema atumie nusu tu, 600. Salon ingewaka chini ya saa moja! Akiweka za ledi za wati 4, jumla ni 72, na saa nne za jioni zinakula 288, batri inabaki na ya redio na simu. Vilevile ampuli za zamani hupika waya na vishikio ndani ya matawi, nawe utaona plastiki imekuwa kahawia.

Ukiwa na chanzo kimoja tu, waya wa ardhi upo, na chini ya dale unakuta waya za taa ya zamani zilizo nzima, mtu mwenye mkono mzuri anaweza kuunganisha, mradi uzito ubebwe na mnyororo na waya ulegee kabisa. Lakini ukifungua ukakuta waya nne au tano badala ya mbili, ukikuta mpira wake unakatika kama majani makavu, ukiona alama ya maji kwenye plasta, au dijonkteri ikaanguka mara tu unapowasha, shuka ngazi umwite. Muulize kabla hajaanza kama atapima ardhi, na kama analeta kipimo chake. Akisema hana haja ya kupima, mshukuru kwa heshima utafute mwingine.

Na mdogo wangu, ukiisafisha usiizungushe. Tembea wewe na ngazi kuizunguka. Lustri ikizungushwa kila Jumamosi hufungua pete yake uzi kwa uzi, kwa hiyo mwambie fundi aweke nati ya pili ya kukaza juu ya ile ya kwanza kabla hamjafunika kikombe, na kila baada ya tetemeko shusheni kikombe hicho mtazame ule mstari wa penseli.